Kuandaa Nasaha ya Nikahi ya Dakika Kumi: Wajibu Kwanza, Subira Baadaye

Mwongozo huu umeandikiwa imamu wa msikiti wa mtaa au maalimu wa madrasa aliyeidhinishwa kufungisha ndoa, ambaye ameombwa aseme maneno machache kabla ya akdi. Mfano utakaotumika tangu mwanzo hadi mwisho ni wa ndoa moja ya kubuni lakini ya kawaida sana huku kwetu magharibi mwa Kenya. Bwana harusi ameajiriwa katika duka la vipuri vya magari Kisumu na hurudi nyumbani Jumamosi jioni. Bi harusi ni fundi wa cherehani, na ataishi katika boma la wakwe nje kidogo ya mji wa Mumias mpaka mumewe apate nyumba ya kukodi mjini.

Nasaha nyingi huanza na subira, zikaingia katika kusameheana, kisha haki na wajibu vikatajwa kwa haraka wakati pilau imeshaanza kunukia. Mpangilio huo una kasoro kubwa. Mtu akihimizwa kusubiri kabla hajaelezwa ni kitu gani anachostahili, yule asiyetimiza wajibu wake hupata kinga, na mwenziwe hubaki akidhani kwamba kudai haki ni kukosa imani. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni wajibu, kisha subira, kisha msamaha, kwa sababu kila hatua huipa mipaka ile inayofuata.

Hatua ya kwanza: ijue nyumba kabla ya kuandika neno lolote

Siku chache kabla ya harusi, onana na bwana harusi peke yake kwa nusu saa. Usimuulize kama anajua haki za mke, maana atajibu kwamba anazijua. Muulize wataishi wapi, ni nani mwingine anayeishi hapo, mshahara huingia lini, na pesa za nyumbani atazituma kwa nani. Muulize pia kama kuna watoto wa ndoa iliyotangulia, upande wake au upande wa mke, kwani nasaha isiyowataja watoto wa kambo walio mlangoni huwa haiihusu nyumba hiyo.

Kwa bi harusi, tumia njia ambayo familia yake itairidhia: mazungumzo mbele ya walii wake, au maswali yapelekwe na mkeo au na ustadha wa madrasa. Hapo ndipo utakapojua iwapo anatarajia kuendelea na kazi yake na iwapo mume analijua hilo. Umri nao uthibitishe kwa kitambulisho, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini kabisa kwa ndoa zote nchini, ndoa ya Kiislamu ikiwemo.

Katika mfano wetu, bwana harusi anasema: "Sheikh, pesa nitamtumia mama kwa Empesa, yeye ndiye mwenye boma, atampa mke wangu kila atakachohitaji." Amesema kwa nia njema kabisa, na mama yake anaweza kuwa mwanamke mwema. Hata hivyo, jambo hili ndilo chanzo cha ugomvi unaotabirika kuliko yote, kwa kuwa baada ya miezi mitatu mke atakuwa anamwomba mama mkwe shilingi za sabuni na pedi, na mama mkwe atakuwa anauliza ile sabuni ya juzi imekwenda wapi. Nasaha yako imeshapata kiini chake. Huhitaji mada nyingine kumi.

Uliyoyasikia hapa ni amana. Yatumie kuchagua utakachokisema, lakini usiyatamke kwa namna itakayowafanya majirani wamtambue mwenye kisa. Mama yule atakuwa amekaa uani akisikiliza kupitia kipaza sauti.

Hatua ya pili: gawa muda na uandike

Dakika kumi za kusema polepole zinachukua takriban maneno 900 hadi 1,000 ya Kiswahili. Andika yote, kisha uyasome kwa sauti huku saa iko mbele yako. Ugawaji ninaouona unafaa ni dakika mbili za hotuba ya Kiarabu, dakika nne za wajibu, dakika mbili za subira na mbili za msamaha. Wajibu unapewa nafasi kubwa kwa sababu ndio unaohitaji maelezo. Subira na msamaha kila mtu anazijua kwa jumla, na kinachokosekana ni mipaka yake tu.

Nasaha itolewe kabla ya akdi. Wako wanaoiweka baada ya ijabu na kabuli, na hilo halina ubaya kisheria, ila kabuli ikishatamkwa watu huinuka kumkumbatia bwana harusi, simu huanza kupiga picha, na hutampata tena msikilizaji.

Hotuba ya Kiarabu ni ile inayojulikana kama hotuba ya haja, aliyoipokea Ibn Masud kutoka kwa Mtume (rehema na amani zimshukie), pamoja na aya zake: Aali Imran 102, An-Nisaa 1, na Al-Ahzab 70 na 71. Ni sunna, wala si nguzo, kwa hiyo akdi haibatiliki ikiachwa. Isome kwa ukamilifu na usiirefushe. Katika harusi zetu huku, wajomba wa bi harusi wanaweza kuwa Wakristo kutoka Butere au Siaya ambao wamekuja kwa heshima na wamekaa kimya nyuma au nje ya msikiti, na Kiarabu cha robo saa bila tafsiri kitawaacha nje ya shughuli ya binti yao. Katika aya hizo, tafsiri moja tu yatosha: ile ya An-Nisaa inayowakumbusha watu wote kwamba wameumbwa kutokana na nafsi moja.

Hatua ya tatu: wajibu, kwa vitu vinavyoonekana

Kosa linaloharibu sehemu hii ni maneno ya jumla. Ukisema "mume amtunze mkewe", kila mume msikitini atajiona anafanya hivyo. Taja vitu: chakula, mavazi, makazi na matibabu, kila kimoja kwa kadiri ya uwezo wa mume. Aya ya 7 ya sura At-Talaq ndiyo kipimo chako hapa: mwenye wasaa atoe kulingana na wasaa wake, na aliyebanwa katika riziki atoe katika kile alichopewa. Aya hii humwondolea aibu kijana mwenye kipato kidogo na humfunga mwenye mali asijifanye maskini.

Baada ya aya, leta kisa kimoja. Hind binti Utba alimwendea Mtume akalalamika kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili na hampi yeye na wanawe kinachowatosha. Mtume akamruhusu achukue katika mali yake kile kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na faida yake kwa nasaha ya ndoa ni kubwa: mke alilalamika, na hakuambiwa asubiri. Liseme hilo waziwazi, kisha nyamaza kidogo kabla hujaendelea.

Sasa uje kwenye kiini cha nyumba hii. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mwanangu bwana harusi, matumizi ya mkeo ni haki yake na yanafika mkononi mwake. Mama yako naye ana haki yake kwako, na ni haki kubwa, lakini ni haki nyingine. Ukituma pesa, tuma mara mbili: ya mama kwa mama, ya mke kwa mke. Usimfanye mama yako kuwa mhasibu wa mkeo, kwani utakuwa umemtwisha mzee mzigo ambao hakuuomba, na siku pesa zikipungua wewe utakuwa Kisumu na wao wawili wataangaliana jikoni."

Tazama jinsi maneno hayo yanavyomlinda mama badala ya kumlaumu. Mama mkwe akisikia kwamba anaondolewa mzigo, ataitikia. Akisikia kwamba ananyang'anywa mamlaka, neno litakalobaki bomani jioni hiyo ni kwamba sheikh amemtukana.

Makazi yanahitaji sentensi moja au mbili. Mke anastahili mahali pake pa faragha, pawe chumba chenye mlango unaofungwa au nyumba ndogo ya mabati ndani ya boma, ambapo mashemeji hawaingii bila kubisha hodi. Kuhusu cherehani yake, sema kwamba kipato cha mke ni mali yake, na kwamba akichangia nyumbani amefanya hisani na sadaka, ila kipato hicho hakimwondolei mume wajibu wa matumizi.

Wajibu wa mke nao utajwe, kwa sababu aya ya 228 ya Al-Baqara inaweka haki na wajibu pamoja, wanawake wakiwa na haki zinazolingana na wajibu ulio juu yao kwa wema. Taja kuilinda nyumba na mali mume asipokuwepo, kutunza siri za ndoa, na kumsikiliza mume katika mambo ya wema. Hadithi ya mchunga, isemayo kwamba mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumbani mwake na mke ni mchunga katika nyumba ya mumewe, na kila mmoja ataulizwa kuhusu alichokichunga, inatosha kubeba pande zote mbili. Suala la kama kupika ni faradhi juu ya mke lina maelezo marefu kwa wanavyuoni, na msikitini siku ya harusi si mahali pake. Badala yake simulia alivyojibu Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani: alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika akatoka kwenda kuswali. Imepokewa na Bukhari, na hakuna mzee atakayeipinga.

Kuna aya ambayo baadhi yetu huivuta hapa, nayo ni An-Nisaa 34. Iache. Maneno yake yanahitaji darsa kamili, na ukiigusa kwa dakika moja, kijana mmoja nyuma ya msikiti atatoka na kipande cha aya hiyo kama kibali cha kupiga. Ikiwa ni lazima uzungumzie kupiga, taja hadithi ya Bibi Aisha katika Muslim kwamba Mtume hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake.

Hatua ya nne: subira yenye mpaka

Baada ya wajibu kuelezwa, subira inakuwa rahisi kufafanuliwa. Ninachokipendekeza ni kuwapa wanandoa swali moja la kujiuliza kila wanapoudhika: je, hii ni tabia inayonikera, au ni haki yangu inayoliwa? Mume anayekoroma, mke anayeongea sana akichoka, mwezi ambao duka limefungwa na mshahara umechelewa, mkwe anayerudia hadithi ileile: hayo ni ya kusubiri. Mume anayeficha mshahara huku watoto wakirudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya karo, au anayeinua mkono, huyo hasubiriwi kwa kunyamaziwa. Anaambiwa, na asiposikia, wanaitwa wakubwa.

Andiko la sehemu hii ni An-Nisaa 19, inayoamrisha kukaa na wake kwa wema na kukumbusha kwamba huenda mtu akakichukia kitu na Mwenyezi Mungu akatia ndani yake kheri nyingi. Iunge na hadithi ya Muslim isemayo kwamba muumini asimchukie mkewe muumini. Akichukia tabia yake moja, ataridhika na nyingine. Yote mawili yanamhutubia mwanamume, jambo ambalo wasikilizaji wengi hawajawahi kuoneshwa, kwani wamezoea kusikia subira ikipelekwa upande wa wanawake. Waoneshe.

Kisha shusha andiko hadi Mumias. Mume akifika Jumamosi jioni, amechoka kwa safari na msongamano wa matatu, atakuta mke ana malalamiko ya siku sita aliyoyaweka. Shauri linaloweza kutekelezwa ni kwamba malalamiko yangoje mpaka mtu ale na aoge, lakini yasingoje mpaka Jumatatu asubuhi wakati mume ameshika begi. Subira ya namna hii ina mwanzo na mwisho, na wote wawili wanajua ni lini zamu ya kusikilizwa itafika. Ukiacha neno "subirini" bila kipimo chochote cha muda, mume ataelewa kwamba mazungumzo yamefutwa.

Hatua ya tano: msamaha ambao haufuti deni

Kwa msamaha sijaona kisa kinachofaa kuliko kile cha sahani iliyovunjika, kilichomo katika Bukhari. Mtume alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, na mke mwingine akatuma sahani ya chakula. Yule mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka na kupasuka. Mtume akakusanya vipande, akakusanya na chakula, huku akiwaambia waliokuwepo: "Mama yenu ameona wivu." Kisha akamzuia mtumishi mpaka ikaletwa sahani nzima kutoka katika nyumba ileile, akaipeleka kwa aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika akaiacha palipovunjiwa.

Kieleze kisa hiki kwa utaratibu, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo watu hutenganisha. La kwanza ni kwamba hakupaza sauti wala kumwaibisha aliyekosa. Alimtafutia udhuru mbele ya wageni. La pili ni kwamba sahani ililipwa. Msamaha uliondoa hasira na haukuondoa haki ya aliyevunjiwa. Mume aliyetumia akiba ya cherehani ya mkewe bila kumwuliza anasamehewa, na bado pesa anazirudisha, hata kama ni kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.

Ongeza ushauri mmoja tu wa vitendo: kosa lililosamehewa lisiletwe tena katika ugomvi mwingine, wala lisipelekwe kwa dada, kwa mama au kwenye kundi la familia la Watsapu. Ikiwa wawili wameshindwa kabisa, An-Nisaa 35 imeweka njia, nayo ni mwamuzi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke. Washauri wanandoa wakubaliane juu ya majina ya wazee hao wawili mapema, wakati bado wanapendana, kwani mwenye hasira humchagua yule atakayemuunga mkono. Penye kipigo au kutelekezwa, ofisi ya kadhi na vyombo vya sheria viko wazi, na sheikh asiwe mtu wa kumrudisha mke nyumbani kwa maneno ya subira.

Hatua ya sita: bi harusi hayupo mbele yako

Huu ndio upungufu mkubwa wa nasaha ya msikitini. Mara nyingi bi harusi yuko nyumbani kwao au uani pamoja na wanawake, na anayekusikiliza ni mume, walii, mashahidi na wageni wa kiume. Ukitumia dakika nne kueleza wajibu wa mke, umewapa wanaume orodha ya kudai, naye mwenyewe hakusikia. Kwa hiyo msikitini uelekeze maneno mengi kwa mume. Maneno ya mke yapelekwe anapoombwa idhini: walii na mashahidi wanapokwenda kusikia ridhaa yake na mahari aliyoikubali, omba dakika tatu, usimame mahali pa heshima, umwambie wajibu wake, haki zake, na majina ya wazee wawili watakaoitwa panapo shida. Neno kama hili linafaa: "Binti yangu, matumizi yako tumemweleza mumeo, na mali yako ni yako. Ukidhulumiwa, sema mapema."

Siku yenyewe

Mvua za alasiri za huku hazina adabu. Mwezi wa Aprili au Mei, mawingu yakiwa yameshajikusanya upande wa Nandi na msikiti umeezekwa kwa mabati bila dari, ukianza baada ya alasiri unaweza kukuta sauti yako imezama kabisa dakika ya tano. Panga akdi iwe baada ya adhuhuri, au uwe na nasaha fupi ya dakika nne yenye kisa cha Hind na kisa cha sahani pekee. Spika ya uani ijaribiwe na mtu aliyesimama huko, kwani aliye ndani hawezi kujua kama wanawake wanasikia.

Ukiwa unasema, mtazame baba yake bwana harusi kuliko mtu mwingine yeyote. Akiinamisha kichwa wakati wa maneno ya matumizi, yamefika. Vijana wakianza kucheka, huenda umeingia katika mambo ya chumbani. Rudi haraka kwenye andiko. Wazee wakianza kutazama mlango, ruka moja kwa moja hadi kisa cha sahani.

Ukimaliza, pitia mahitaji ya akdi: walii yupo, mashahidi wawili wapo, idhini ya mke imesikika, mahari yametajwa kwa kiasi na kwa namna yatakavyolipwa. Fungisha ijabu na kabuli bila kuongeza maneno mengine ya mawaidha katikati. Soma dua ya kuwaombea baraka na kukusanywa katika kheri, kisha fomu zijazwe na kutiwa saini hapohapo, kabla sinia hazijaingia, na nakala zipelekwe kusajiliwa ili wanandoa wapate cheti chao.